Usiifute "Eti"

Juzi kwenye grupu la kamati ya harusi yetu, kijana mmoja alimwagiwa pongezi kwa muhtasari wa voisi ya mama mdogo. Voisi ya dakika saba, muhtasari mstari mmoja: viti 200, mjomba anatoa laki tano, kikao Jumamosi. "Umetuokoa, mdogo wetu!" Mimi nilikuwa nayo maandishi ya voisi ile, neno kwa neno, na chai ilinishinda kumeza. Alichopatia ni kikao tu.

Mama mdogo alisema: "Viti, yaani viti tuchukue, ngoja, mia mbili. Halafu mjomba, si unajua mambo yake, mjomba eti atatoa laki tano. Nani anagonga hapo? Mwambie sipo. Eeh, viti, mia mbili." Dakika tatu baadaye, katikati ya habari za mafua ya mjukuu, akapenyeza: "na hao watoto watakaa mikekani, toa hamsini."

Basi viti ni 150. Anayesoma haraka hulikosa hilo, kwa kuwa sahihisho lenyewe halikutaja viti. Ndiyo maana maandishi ya voisi husomwa kuanzia mwisho. Hili sina mjadala nalo.

Lakini viti ni kosa dogo. Mkono mchanga hufuta "eti" pamoja na "yaani" na "si unajua", akidhani yote ni makapi. "Yaani" futa. "Ngoja" itazame kwanza, huenda kuna kauli inayobatilishwa. "Eti" usiiguse. Anayesema "eti" anakwambia: haya nimeyasikia, mimi simo. Ukiiondoa, uvumi umegeuka ahadi, na mweka hazina anaandika kwenye bajeti pesa ambazo hata aliyezitaja haziamini. Fundi angeandika: "Mjomba laki tano, aulizwe." Maneno manne, na shaka ya mama mdogo imebaki mahali pake.

Mzee aliyenifunza ukatibu alizungushia kila "eti" duara kwa penseli nyekundu kabla hajaandika lolote. Alikulia enzi za telegramu, posta wakikutoza kwa neno, na aliyelipia kila neno alijua lipi lina uzito. Siku hizi kusema ni bure, na inasikika.

Nilimjua pia mwingine, mwenye sifa tele, ambaye kila muhtasari wake uliishia na "amesisitiza mshikamano." Hakuna aliyekuwa amesisitiza. Bwana yule alisoma mistari ya juu na ya chini, katikati akajaza mshikamano. Muhtasari wenye neno ambalo msemaji hakulitamka wala kulikusudia ni wa kutupa, hata ukiwa na lugha tamu.

Mama mdogo mwenyewe hakuusoma ule uliopongezwa. Yeye hutuma voisi tu. Viti 200 vimeshalipiwa. Mjomba mpaka leo hajapigiwa simu.