Adabu na Hoja katika Barua kwa Mnajimu

Barua za Waswahili zina desturi yake, nayo ni ya zamani. C. G. Büttner alipochapisha mwaka 1892 mkusanyo wake wa maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nyingi kati ya hati zile zilikuwa barua. Na msomaji wa leo akizitazama huona kwamba sehemu kubwa ya maneno ni salamu, na haja yenyewe huja baadaye, aghalabu kwa maneno machache. Wako waliosema kwamba salamu hizo ni upotevu wa wino. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba si hivyo, na kwamba mwandishi mwenye akili aweza kuifanya adabu ya barua kuwa chombo cha kudai jibu. Mfano wangu ni barua ya mfanyabiashara wa machungwa katika soko la Buguruni, aliyomwandikia maalim mmoja wa Kariakoo ambaye hupiga hesabu za nyota. Majina yote nimeyabadili, lakini nimechagua mengine yenye shida ile ile ya herufi, kwa kuwa bila ya shida hiyo barua haieleweki.

Mwandishi aanza hivi: "Kwa mheshimiwa maalim wangu, Mungu amzidishie umri na elimu. Baada ya salamu nyingi nakuarifu kwamba mimi ni mzima, na huku Buguruni kwetu hali ni njema, ila mambo machache ambayo nimeona ni adabu kukueleza wewe kabla ya mtu mwingine." Kusema hali ni njema, kisha kuongeza "ila", ni desturi inayojulikana kwa kila mwandishi wa barua. Lakini tazama maneno ya mwisho: "kabla ya mtu mwingine". Kwa juu ni heshima, maana mwanafunzi humwendea mwalimu wake kwanza. Kwa ndani yamo maarifa mengine: kwamba watu wengine wapo, na kwamba wataambiwa. Mwandishi hakutisha, wala hakuna neno katika sentensi ile linaloweza kushikwa kuwa ni utovu wa adabu.

Ili tuifahamu haja yake, hapana budi tueleze hesabu aliyofanyiwa. Ni ile iliyoenea mwambao mzima kwa kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar, mnajimu aliyekufa mwaka 886. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika abjadi. Mnajimu hujumlisha herufi za jina la mtu na herufi za jina la mama yake, akagawanya jumla kwa 12, na kile kinachobaki ndicho kinachomwonyesha buruji: ikibaki 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, 3 ni Jauza, hata kufikia Hutu, ambayo ni ya mtu asiyebakiwa na kitu.

Tuseme basi mteja wetu aitwa Hamisi, na mama yake Zaituni. Alipokwenda kwa maalim alitoa karatasi yenye majina hayo kwa herufi za Kirumi. Maalim akaichukua H kuwa ni ha, yenye thamani ya 8. Akaongeza mimu 40, ye 10 na sini 60, akapata 118. Zaituni ni ze 7, ye 10, te 400, wau 6 na nuni 50, yaani 473. Jumla ni 591. Ukigawanya kwa 12 hubaki 3, nayo ni Jauza, buruji ya hawa, ambayo mtawala wake ni Utaridi. Siku ya Utaridi ni Jumatano, na saa ya kwanza tangu jua kuchomoza siku hiyo ni yake pia. Tena Utaridi ndiyo nyota ya biashara na maandishi. Kwa hiyo maalim alimshauri anunue mali Jumatano mapema asubuhi. Katika kanuni zake hakukosea hata hatua moja.

Utabiri wenyewe mteja aunukuu kwa uangalifu: "Uliniambia, ukinunua Jumatano saa ya kwanza, mwezi hautaandama tena kabla hujaiona faida. Nilinunua Jumatano, jua lilikuwa halijapanda juu ya mapaa. Mwezi umeandama juzi." Hapa ndipo ninapoona ustadi wa kwanza wa barua. Maneno ya wanajimu huponyoka kwa sababu mteja hukumbuka maana yake tu, wala hakumbuki masharti. Mtu akisema "uliniambia nitapata faida", maalim atajibu kwamba faida bado iko njiani. Huyu ametaja siku, saa na mpaka wa muda, kisha akaonyesha kwamba kila sharti lilitimizwa kwa upande wake. Sentensi ya mwisho ina maneno matatu tu, nayo haikulaumu. Imetaja jambo ambalo kila mtu mwenye macho aliliona angani.

Kisha aeleza hasara. Alinunua magunia 40 ya machungwa ya Muheza kutoka lori lililofika alfajiri. Alhamisi na Ijumaa yakafika malori mengine mengi, bei ikaanguka. Magunia 15 aliyauza kwa bei aliyonunulia, 9 kwa chini yake, na 16 yakaoza. Mwandishi asiye na ustadi angalieleza hapo machozi na njaa. Yeye ameandika hesabu, akaiacha isimame peke yake mbele ya mtu ambaye kazi yake ni hesabu.

Maswali anayouliza baada ya hapo ni matatu, nayo ndiyo kiini cha barua. La kwanza: "Jirani yangu wa meza ya pili hajapata kupigiwa hesabu. Naye alinunua Jumatano ile ile, na machungwa yake yameoza pamoja na yangu. Maalim, nyota yangu ilinitofautisha naye kwa lipi?" Swali hili lafaa kuliko lawama yoyote. Haliulizi kwa nini hasara ilikuja, maana kwa hilo majibu hayakosekani: hasidi, jicho, sadaka isiyotolewa. Lauliza tofauti iko wapi baina ya mtu aliyeifuata nyota yake na mtu asiyeijua. Ikiwa malori ndiyo yaliyoshusha bei, yaliishusha kwa wote, wa Jauza na wasio wa Jauza. Na dalili ya hasara ilikuwa katika barabara ya kutoka Tanga.

La pili ni gumu zaidi. "Labda kosa ni langu," asema, "kwa kuwa naliandika jina kwa herufi za shule, ilhali chuoni nikiandikiwa kwa khe." Ni kweli: Khamisi wa Kiarabu huandikwa kwa khe, ambayo ni 600. Basi jina huwa 710, na pamoja na mama 1183. Ukigawanya kwa 12 hubaki 7. Hiyo ni Mizani, ambayo mtawala wake ni Zuhura, na siku yake ni Ijumaa. Kwa herufi moja tu mtu amehama buruji, amebadili mtawala na siku ya bahati. Shida hii haimhusu Hamisi peke yake. Herufi za Kirumi tunazoandikia Kiswahili hazitofautishi ha na khe za majina kama haya, wala sini na swadi, wala te na twe. Na baina ya herufi hizo thamani hupishana sana. Kila mnajimu anayepokea jina kwenye karatasi ya namna hiyo huchagua, na mteja hajui kwamba uchaguzi umefanywa.

Msomaji atadhani kwamba hapo mteja amempa maalim mlango wa kutokea. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilihofu hivyo. Lakini sikiliza anavyoendelea: "Mwaka jana ulinipigia hesabu kwa karatasi ile ile, na faida ikaja. Ikiwa karatasi ilikuwa na kosa, basi faida ya mwaka jana ilikuwa ya nyota ya nani?" Mlango ameufungua kwa adabu, kisha akasimama mbele yake. Maalim akisema herufi zilikuwa sahihi, itambidi aeleze machungwa yaliyooza. Akisema herufi zilikosewa, itambidi airudishe faida ya mwaka jana, ambayo bila shaka alipewa shukrani yake. Njia ya tatu ni kukiri kwamba faida ile na hasara hii hazikutokana na hesabu.

Swali la tatu ni fupi: "Magunia kumi yalikuwa ya dada yangu mjane. Yeye haijui nyota. Aliniamini mimi, nami nilikuamini wewe. Akiniuliza, nimpe jibu gani?" Hapa twafahamu kwa nini barua iliandikwa. Mtu huyu hakudai kurudishiwa ada, wala hakutaka ushindi wa hoja. Yuko mtu wa tatu anayedaiwa jibu, na mwandishi ameona kwamba jibu la "ndivyo ilivyoandikwa" halimtoshi mtu aliyepoteza robo ya mali ile bila ya kuulizwa.

Kasoro ipo. Kabla ya kumaliza, mwandishi aomba apigiwe hesabu upya "kwa herufi zilizo sawa". Wako watakaosema ni adabu tu ya kufungia. Mimi naona ameibomoa kwa mkono mmoja nyumba aliyoijenga kwa mwingine. Kwa maana maalim aweza kuyaacha maswali yote matatu, akalijibu ombi hilo peke yake, akampa Ijumaa badala ya Jumatano. Jauza na Mizani zote mbili ni za hawa, na maalim hodari atamwambia kwamba tabia yake aliisoma sawasawa, ila siku ndiyo iliyopotea. Kama ningalipewa kushauri, ningalimwambia aombe jambo jingine: utabiri ufuatao uandikwe, wenye siku, kiasi na mpaka wake, ubaki nakala kwa kila upande.

Ibn Khaldun katika Mukadima yake ya mwaka 1377 aliweka mlango mzima wa kubatilisha unajimu, na hoja zake ni za mwanachuoni. Lakini wanachuoni hawakai kwenye meza za machungwa. Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011, alitangaza utabiri wake mbele ya wanahabari, na mji mzima uliweza kukumbuka kilichosemwa. Utabiri wa chumbani hauna mashahidi. Aliyefaidika hurudi na shukrani, aliyepata hasara hunyamaza kwa haya. Na maalim, akisikia shukrani peke yake, huweza kuamini kwa moyo safi kwamba hakosei kamwe. Barua hii imemletea habari ambayo ukimya wa wateja humnyima, nayo imekuja kwa lugha ambayo hawezi kuikataa pasipo kujivunjia heshima.