Ngozi Chini ya Glita

Familia nyingi zikitafuta picha ya kuweka kando ya jeneza, huipata kwenye sherehe. Huko ndiko marehemu alikokaa vizuri mbele ya kamera ya maana. Huko pia ndiko alikopakwa faundesheni nzito na kunyunyiziwa glita mashavuni. Kumrudishia mtu huyo uso wanaoufahamu wanawe ni kazi ninayoiheshimu sana, kwa sababu fundi wake hana budi kuijua ngozi kabla ya kuijua programu.

Chukua picha ya mama mtu mzima, mweusi wa kung'aa, iliyopigwa kwenye sendofu ya bintiye. Dirisha liko kushoto kwake. Glita ya dhahabu imetapakaa juu ya mashavu na kope, na faundesheni imeufanya uso kuwa mweupe kuliko masikio. Binti anaagiza: "Kaka, naomba umtoe hiyo dhahabu, lakini usimfanye msichana. Mama alikuwa na mikunjo yake."

Kila chembe ya glita ni kioo kidogo. Zile kali zimeurudisha mwanga kwa nguvu hata kamera ikaandika weupe mtupu, 255 katika nyekundu, kijani na bluu. Chini ya weupe huo hakuna ngozi iliyofichwa. Ukiufifisha, utapata doa la kijivu. Kwa hiyo ngozi huazimwa kwa jirani. Katika Photoshop, fundi hufungua tabaka tupu la modi ya Darken, hushika Clone Stamp na kuiweka ichukue Current & Below, kisha huchagua brashi inayoizidi chembe kidogo tu. Modi hiyo hubadilisha pale tu palipo na mwanga zaidi kuliko ngozi iliyoazimwa, hivyo chembe inaondoka na vitundu vya ngozi vyenye giza vinabaki. Chembe kubwa huacha kivuli kidogo ubavuni. Hicho hufutwa vivyo hivyo kwenye tabaka la modi ya Lighten.

Ugumu wenyewe uko juu ya shavu. Mpambaji huweka glita mahali palepale ambapo ngozi nyeusi hung'aa yenyewe, na ni mng'ao huo unaolipa shavu umbo lake. Fundi mwenye haraka hufuta vyote viwili kwa pamoja. Glita inaisha, lakini uso umepauka, na shavu limelala bapa. Anayejua huangalia kingo. Glita huishia ghafla, ilhali mng'ao wa ngozi hufifia taratibu na ndani yake bado unaona vitundu. Kwa hiyo ngozi ya kuziba pengo haitolewi shavuni chini penye kivuli. Hutolewa ndani ya mng'ao huohuo, katikati ya chembe mbili, hata kama nafasi iliyopo ni ndogo kama ncha ya brashi.

Wala ngozi ya paji la uso haifai shavuni. Vitundu vya karibu na pua ni vikubwa, na ngozi ya chini ya jicho ina mikunjo myembamba inayofuata mviringo wake. Kila kitundu kina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Ukigeuza kipande kutoka shavu la kulia ili kizibe la kushoto, vivuli vitakaa upande usio wake, na mtazamaji atahisi kasoro asiyoweza kuitaja.

Rangi hufuata. Shingo haitumiki kuwa kipimo kwa sababu iko kwenye kivuli cha kidevu. Sikio na sehemu ya juu ya kifua husema kweli zaidi. Kwanza uso unatiwa giza kwa Curves, ndipo rangi ipakwe juu yake kwa tabaka la modi ya Color. Modi hiyo haigusi mwanga, kwa hiyo ukianza nayo, faundesheni nyeupe itageuka tope. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote: kurudisha tofauti ambazo faundesheni ilizifuta. Paji la uso na pembezoni mwa mdomo huwa na giza kidogo, mashavu yana wekundu, na chini ya macho pamekolea. Uso wa rangi moja ni uso uliopakwa, hata ukiwa hauna chembe ya poda.

Kope za mama huyo ziliachwa na wanja na rangi kidogo. Glita ilikuwa imezifunika zote, na hapakuwa na ngozi ya kuazima wala picha nyingine ya kufuatisha. Ilipunguzwa ukali, basi. Mikunjo ya kando ya macho ilibaki yote. Binti aliomba mama yake, na mahali ambapo picha haikumhifadhi, fundi hana haki ya kumbuni mwingine.