Nyumba ya Kupangisha ya Kabeza na Riba Inayopanda

Makadirio ya mtiririko wa fedha, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka mwezi kwa mwezi, huharibika mapema pale mnunuzi anapozidisha pango la mwezi mara 12, kana kwamba mpangaji hahami kamwe. Ichukuliwe nyumba ya mfano huko Kabeza nchini Rwanda, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe, iliyonunuliwa kwa mkopo wa faranga 20,000,000 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16, na kupangishwa kwa 350,000 kwa mwezi. Rejesho, ambalo ni riba pamoja na sehemu ya deni lenyewe, ni takriban 293,740. Pango likihesabiwa kwa miezi 11 hupatikana 3,850,000. Ikitolewa sehemu ya kumi kwa ukarabati na ulinzi hubaki 3,465,000, ilhali marejesho ya mwaka ni kama 3,525,000, kwa hiyo mwenye nyumba huongeza faranga 60,000 hivi kutoka mfukoni.

Kodi ya serikali haibadilishi picha hiyo mwanzoni, kwa kuwa sheria ya Rwanda humruhusu mwenye nyumba kutoa nusu ya pango kama gharama, na juu yake riba aliyolipa benki akiwa na uthibitisho. Katika mwaka wa kwanza riba hufikia 3,175,000, hivyo hakuna kinachobaki cha kutozwa. Kodi hujitokeza baadaye, deni likishapungua sana.

Tishio kubwa ni mkopo ambao riba yake hurekebishwa. Benki Kuu ya Rwanda ilipandisha riba yake kutoka asilimia 4.5 mwanzoni mwa 2022 hadi 7.5 mwezi Agosti 2023, na ingawa benki za biashara hazifuati hatua kwa hatua, mwenye mkopo hana budi kujaribu hesabu yake kwa asilimia 18 na 20. Kwa 18, rejesho huwa 322,084 na pengo la mwaka hufika 400,000. Kwa 20, pengo hukaribia 750,000. Kila nukta mbili za riba, kwa maneno mengine, hula karibu pango la mwezi mzima.

Wapo wanaotegemea benki irefushe muda na kuacha rejesho lilivyokuwa. Njia hiyo ina ukomo: riba ikipanda hadi 18 katika miezi ya mwanzo, riba ya mwezi peke yake ni 300,000, nayo inazidi rejesho la 293,740, kwa hiyo deni litakua hata mkopaji akilipa bila kukosa. Kinga ya uhakika zaidi hupatikana kabla ya kutia saini: mkopo ukipunguzwa hadi takriban 17,900,000, pango lile lile hutosha hata kwa asilimia 18.