Pesco, pescó

Kijana wa Nyamisati, bandari ya Kibiti ambako wasafiri wa Mafia hupandia boti, akikuambia kwamba jana wenzake walivua kamba, amekupa kitenzi ambacho kila kiungo chake kinaonekana. Wa- ni wao. -Li- ni wakati uliopita. -Vua ndiyo kazi yenyewe. Ukitaka kubadili watu, unang'oa wa- na kuweka tu-: tulivua. Ukitaka kubadili wakati, unatoa -li- na kupachika -na- au -ta-, na vingine vyote havitikisiki.

Mhispania atasema pescaron. Pesc- ni mzizi, kuvua. Kinachofuata ndicho kigumu kupasua, kwa sababu hata ukikata -ron peke yake, bado imebeba mambo mawili kwa pamoja: ni nani, na ni lini. Kitenzi chetu ni mashua ya mbao ambayo fundi anaweza kutoa ubao mmoja na kutia mwingine. Chao ni mtumbwi uliochongwa kwenye gogo zima.

Hata hivyo Mswahili anaanza safari akiwa mbele kidogo. Amezoea kusema navua bila kutanguliza mimi, na Mhispania naye husema pesco tu. Yo huiweka anapotaka kusisitiza. Tena mwisho wa kitenzi chao hauulizi ngeli. Llegó inamtosha mtu, mtumbwi na mvua, wakati sisi tunalazimika kusema alifika, ulifika, ilifika. (Atakayelalamika kwamba Kihispania kina miisho mingi na ajaribu kumfundisha Mhispania ngeli zetu.)

Uzuri wa ufundi huu, na hatari yake, uko kwenye irabu ya mwisho. Pesco, mkazo ukiwa kwenye pes, ni navua. Pescó, mkazo ukihamia mwisho, ni alivua. Herufi zile zile, na kumbe mtu amebadilika na wakati umebadilika. Kinywa cha Mswahili kimezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi anayetaka kusema ayer pescó, jana alivua, hujikuta ametamka ayer pesco, jana navua. Dalili ni rahisi kuitambua: msikilizaji atakuuliza ni wewe uliyevua au ni mwingine.

Tazama na jozi ya pili. Pesqué ni nilivua. (Hiyo qu ni ya maandishi tu; sauti ya k inabaki ile ile, kwa kuwa c mbele ya e husomwa vingine.) Ondoa mkazo wa mwisho na utapata pesque, kama katika quiero que pesque, nataka avue. Hapo Mswahili ana haki ya kutabasamu, maana naye hugeuza a ya mwisho kuwa e anapotaka jambo litendeke: anavua, avue. Lugha hizi hazina undugu. Zimekutana njiani tu. Wala asijiamini mno, kwani vitenzi vya kundi la comer, kula, vinakwenda kinyume: come ni anakula, quiero que coma ni nataka ale.

Kuna mahali ambapo wao huchagua na sisi tunaweza kunyamaza. Ukisema wazee walivua kwa nyavu, -li- haikulazimishi kueleza kama ilikuwa siku moja au ndiyo ilikuwa desturi yao. Kihispania hakikuachi upite hivyo: pescaron ni tukio lililokwisha, pescaban ni jambo lililokuwa likiendelea au likirudiwarudiwa. Sisi tukitaka kulionyesha hilo tunaita kitenzi cha pili kitusaidie: walikuwa wakivua. Lakini nao wana pengo lao, kwa kuwa pescamos ni tunavua na pia ni tulivua. Asipotaja leo au jana, muktadha ndio uamue.

Wakati ujao ndio unaonifurahisha kuliko yote. -Ta- yetu wanaisimu huihusisha na kutaka: nitavua, kwa asili, ni kama kutaka kuvua. Pescaré nayo ni maneno mawili yaliyogandana, pescar, kuvua, na he, ninayo, kana kwamba mtu anasema ana uvuvi wa kufanya. Katika Kihispania cha kale mshono huo ulikuwa bado haujafungwa, na mtu aliweza kupenyeza mtendwa katikati yake: darlo he, nitakitoa, ile lo ikiwa imekaa ndani ya kitenzi kama -ki- yetu. Baadaye mshono ukaziba, na leo husemwa lo daré.