Tangazo la Mhudumu wa M-Pesa, Pipeline

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka moja la M-Pesa hapa Pipeline lilisema hivi: anatakiwa msichana wa miaka 20 hadi 26, mwenye diploma ya biashara, anayejua kompyuta, mwenye uzoefu wa miaka miwili na cheti cha tabia njema, aliye tayari kufanya kazi nyingine atakazopewa. Mwenye duka aliniomba nimsaidie kuliandika upya, kwa sababu waliokuja wakiwa na diploma hawakukaa.

Tulianza na kazi yenyewe na kuziacha sifa kando kwa muda. Nilimwomba anisimulie siku nzima, tangu kufuli linapofunguliwa hadi linapofungwa. Mhudumu anahesabu keshi na floti ya kuanzia. Anakagua kitambulisho cha mteja, anaandika muamala kwenye daftari, na hatoi pesa kabla ujumbe wa uthibitisho haujaingia kwenye simu ya duka. Keshi ikielekea kuisha, hasa mishahara inapoingia na kila mtu anataka kutoa, anatafuta nyingine mapema. Hapo ndipo maneno “kazi nyingine” yalipofunguka: anauza pia maziwa na mkate, anabadilisha mitungi ya gesi na kufagia mbele ya duka. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku, siku sita kwa wiki.

Hizo ni saa 90. Agizo la jumla la mishahara nchini Kenya linaweka saa 52 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida. Kwa hiyo tangazo lilikuwa likitafuta mtu mmoja wa kufanya kazi ya watu wawili, na hakuna diploma inayotibu hilo. Naamini hii ndiyo sababu ya kweli ya wahudumu kuondoka. Tuligawa zamu mbili za saa saba na nusu, na saa hizo zikaandikwa juu kabisa, kabla ya sifa yoyote.

Ndipo tukazigeukia sifa. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: mtu asiyekuwa na sifa hii atashindwa jukumu gani siku ya kwanza? Diploma haikuwa na jukumu la kuonyesha. Kompyuta haimo dukani. Jinsia na umri viliondoka pia; Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, isipokuwa kazi yenyewe iwe inadai hivyo, na kubadilisha floti hakudai.

Kilichobaki kuwa lazima ni kusoma na kuandika, na hesabu ya droo. Hesabu hiyo hatukuiachia cheti, tuliitungia jaribio. Asubuhi kuna keshi 40,000 na floti 60,000. Wateja wametoa 25,000 na kuweka 10,000. Keshi inapaswa kuwa 25,000 na floti 75,000. Jumla inabaki 100,000, kwa maana kamisheni hulipwa kando. Kisha unamwambia mwombaji kwamba droo ina 23,500, na unamuuliza ataanza kutafuta wapi. Anayesema atalinganisha daftari na jumbe za simu, mstari kwa mstari, anaijua kazi. Jaribio hilo lilitufunza jambo la pembeni: pesa za maziwa zilikuwa zikiingia droo hiyohiyo, na hapo hakuna mhudumu ambaye hesabu yake ingeweza kukubali. Zikapewa droo yake.

Uzoefu wa M-Pesa ulishuka kuwa sifa ya ziada, kwa kuwa menyu ya wakala inafundishika. Hapa ndipo wengi hudanganya bila kukusudia: wanaandika “ziada” lakini wanawaita kwenye mahojiano wenye nayo tu. Dalili ni rahisi kuiona. Kama wote walioitwa wana sifa ileile ya ziada, hiyo ilikuwa lazima iliyofichwa. Tulikubaliana alama kabla ya kupokea barua yoyote: jaribio la droo ndilo linaloamua, na uzoefu unatazamwa tu wawili wakilingana.

Cheti cha tabia njema kilihamia mwisho. Tangu marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Ajira, mwajiri hatakiwi kudai vyeti vya namna hiyo kabla hajakusudia kumwandikia mtu mkataba.

Orodha ya majukumu iliingia kwenye mkataba, maana Kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo kinataka maelezo ya kazi yawemo. Na Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara kwa upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, ikiwa tu mkataba wake umetaja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Mwenye duka, liandike jukumu hilo kwa ukamilifu, na mhudumu alisome kabla hajaigusa droo.