Kiwanja Kati ya Jumla Mbili

Katika milima ya Masisi, ambako malisho ya ng'ombe yametanda juu ya miteremko na kila bonde lina kijito chake, ni nadra kiwanja kuwa na pande nne zilizonyooka. Aghalabu upande mmoja hufuata njia, pande mbili hufuata mipaka ya majirani, na upande wa nne ni kijito, ambacho hakikumtaka mtu shauri kipite wapi. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilipoifanya ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya Dola, haki ya kuitumia huthibitishwa kwa hati, na hati hutaka eneo la kiwanja liandikwe kwa tarakimu. Basi mpima ardhi hujikuta mbele ya swali ambalo kanuni ya urefu mara upana hailijibu: eneo lenye ukingo uliopinda ni kiasi gani, na neno lenyewe, eneo, lina maana gani mahali pasipo pembe wala mstari?

Na tuweke mfano. Njia imenyooka mita 60 kutoka magharibi kwenda mashariki, na kijito kiko kaskazini yake. Mpima apiga kigingi mwanzo wa njia, kisha kila baada ya mita 10 apige kingine, na kutoka kila kigingi anyooshe kamba kwa pembe mraba mpaka majini. Vigingi ni 7, na vipimo vyake, kwa mita, ni 10, 11, 14, 19, 26, 35 na 46: kijito chazidi kuiacha njia kadiri mtu aendavyo mashariki. Vipimo hivi nimevichagua ili vifuate kanuni moja nyepesi, f(x) = 10 + x²/100, ambapo x ni umbali kutoka kigingi cha kwanza; vijito vya Masisi havina kanuni, lakini mwenye kutaka kuona namna hesabu inavyokwenda hupata faida kuanza na kijito kitiifu.

Vigingi 7 vimekigawa kiwanja katika kanda 6, kila moja yenye upana wa mita 10. Ukingo wa kaskazini wa kila ukanda umepinda, na hapo ndipo penye udhia. Basi tuuache upindo, tuufanye kila ukanda kuwa mstatili, na tuchague urefu mmoja wa kuuwakilisha. Tukichagua urefu uliopimwa kwenye ncha ya kushoto ya ukanda, yaani ya magharibi, tutapata 10 × (10 + 11 + 14 + 19 + 26 + 35), nayo ni mita za mraba 1,150. Tukichagua wa ncha ya kulia, tutapata 10 × (11 + 14 + 19 + 26 + 35 + 46), nayo ni 1,510. Kwa kuwa kijito chazidi kwenda mbali, kila mstatili wa kushoto umelala ndani ya ukanda wake, na kila mstatili wa kulia umevuka maji. Kwa hiyo jumla ya kwanza ni pungufu kwa yakini, ya pili ni zaidi kwa yakini, na eneo la haki, liwalo lolote, limefungwa katikati yao.

Hesabu hizi huandikwa kwa alama ya sigma, herufi ya Kiyunani ambayo Leonhard Euler aliitumia mwaka 1755 kumaanisha jumla. Chini yake huandikwa nambari ya kuanzia, juu yake nambari ya kukomea, na upande wake jambo la kujumlishwa. Tukiviita vigingi x₀, x₁, mpaka xₙ, na upana wa ukanda Δx, jumla zetu mbili ni hizi:

```
Lₙ = Σ f(xᵢ)·Δx    i = 0, 1, ..., n−1
Rₙ = Σ f(xᵢ)·Δx    i = 1, 2, ..., n
```

Msomaji atazame kwamba mistari hii miwili haitofautiani ila katika mahali pa kuanzia na pa kukomea. Ya kushoto yaanza na kigingi cha sifuri na kukiacha cha mwisho. Ya kulia yakiacha cha sifuri na kukikamata cha mwisho. Kosa la wanafunzi lililo mashuhuri ni kuanza na sifuri na kukomea n, ambako hujumlisha vipimo vyote 7 kana kwamba kanda nazo ni 7. Hapo hupatikana 1,610, nambari ambayo si ya kushoto wala ya kulia, bali ni ya kiwanja kilichoongezewa ukanda mmoja usiokuwako. Dalili ya kosa hilo ni rahisi kuiona: vipimo vilivyojumlishwa ni vingi kuliko kanda.

Sasa tuondoe jumla moja katika nyingine. Vipimo vyote vya katikati viko katika zote mbili, basi huondokana, na kinachosalia ni kipimo cha mwisho kasoro cha kwanza, mara upana wa ukanda: (46 − 10) × 10, yaani 360. Hii ndiyo siri ya mambo yote yanayofuata, maana tofauti ya jumla mbili haitegemei kijito kilivyopita katikati, ila hutegemea ncha mbili za kiwanja na upana wa kanda. Ukanda ukiwa mita 5, tofauti ni 180; ukiwa mita 1, ni 36; na mtu akitaja tofauti yoyote, hata iwe ndogo kama kucha, twaweza kumtajia mapema upana wa ukanda utakaoitimiza.

Hatua ya mwisho ni kuziacha kanda ziwe n, bila kutaja idadi, na kuzitumia kanuni za kale za kujumlisha miraba ya nambari. Kwa kijito chetu kitiifu matokeo ni haya:

```
Lₙ = 1320 − 1080/n + 360/n²
Rₙ = 1320 + 1080/n + 360/n²
```

Weka n = 6, nawe utazipata tena 1,150 na 1,510. Weka n = 60, utapata 1,302.1 na 1,338.1. Kadiri n inavyokua bila ya mwisho, sehemu zenye n chini yake hufifia, na jumla zote mbili huikaribia nambari moja, 1,320, moja ikitoka chini na nyingine ikitoka juu. Nambari hiyo ndiyo kikomo, na kikomo hicho ndicho tukiitacho intigrali ya f kutoka 0 mpaka 60, iliyo na mipaka, nayo huandikwa kwa alama ya Leibniz ya mwaka 1675, ambayo asili yake ni herufi S iliyorefushwa, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jumla:

```
∫₀⁶⁰ f(x) dx = lim Lₙ = lim Rₙ = 1320    (n → ∞)
```

Hapa yafaa kutua. Hatukusema kwamba eneo lilikuwa likijulikana, kisha kikomo kikalipata. Tumesema kwamba eneo la kiwanja chenye ukingo uliopinda ni hicho kikomo. Augustin-Louis Cauchy alipoiweka maana hii katika masomo yake ya mwaka 1823, aliijenga kwa jumla za ncha za kushoto. Bernhard Riemann, mwaka 1854, aliilegeza kamba zaidi: akaruhusu urefu wa kila ukanda uchukuliwe mahali popote ndani yake, kushoto, kulia au katikati, na akasharutisha kwamba machaguo yote yafikie kikomo kimoja kanda zinapokonda. Jumla za kushoto na za kulia ni machaguo mawili tu katika hayo yasiyo na idadi.

Kwa mpima wa Masisi, ambaye malisho yake ni wazi na kamba hupita bila kizuizi, kuongeza vigingi si kazi kubwa. Huko Walikale, magharibi, ambako msitu huanza na kila kamba yataka njia ya kukatwa kwa panga, idadi ya kanda ni idadi ya siku za kazi. Huko ndiko wastani wa jumla mbili unakoleta nafuu: kwa kanda 6 wastani ni 1,330, ambao umekosea kwa mita za mraba 10 tu, hali jumla ya kushoto ya kanda 60 imekosea kwa karibu 18. Walakini wastani una upungufu wake, maana hausemi wenyewe umekosea kwa kiasi gani. Zile jumla mbili, kwa ubovu wao, zimesimama pande mbili za haki na kuonyesha upana wa shaka.

Lakini ushahidi wao hukubaliwa kwa sharti moja, kwamba kijito kiwe kinakwenda mbali tu au kinakaribia tu. Chukua kiwanja kingine, ambacho kijito chaanzia njiani, chapinda, na kuirudia njia baada ya mita 60, na vipimo vyake vikawa 0, 25, 40, 45, 40, 25 na 0. Jumla ya kushoto ni 1,750, na ya kulia ni 1,750. Mtu asiye na hadhari atafurahi kwamba mashahidi wamewafikiana. Kumbe eneo, kwa kanuni x(60 − x)/20 iliyovizaa vipimo hivi, ni 1,800, na wote wawili wamepungukiwa na 50. Wamewafikiana kwa sababu kipimo cha kwanza na cha mwisho ni sawa, si kwa sababu wamesema kweli. Dawa yake ni kukikata kiwanja penye kilele, kwenye kigingi cha mita 30, na kuzihesabu nusu mbili mbalimbali: hapo vipimo vidogo vya kila ukanda vitatoa 1,300, vikubwa vitatoa 2,200, na eneo litarudi kufungwa katikati.

Lipo kosa jingine ambalo vigingi vingi haviwezi kuliponya. Eneo la hati ni la ardhi itazamwapo kutoka juu, kana kwamba imelazwa, lakini mpima mvivu hulaza kamba juu ya mteremko wenyewe. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30 kuelekea kijitoni, kila mita 10 za kamba ni mita 8.66 za mlalo. Katika kiwanja chetu cha kwanza, kipimo cha 46 kitasomwa kuwa zaidi ya 53, na vingine vyote vitavimba kwa kadiri hiyo hiyo. Jumla ya kushoto itapanda, ya kulia itashuka, tofauti yao itakonda ukanda baada ya ukanda, na kikomo kitafika kwa utulivu kamili kwenye mita za mraba 1,524. Hesabu haitaonyesha dalili yoyote ya wasiwasi, maana kikomo huondoa kosa la unene wa kanda peke yake. Dalili iko mlimani: mwenye kutaka kuiona na ainue mwisho wa kamba mpaka ilale sawasawa, ateremshe timazi mpaka ardhini, kisha asome upya kipimo cha kigingi cha saba.