Hukumu Iliyotolewa kwa Sikio

Kustaafisha kompyuta ya mezani kwa sababu inavuma ni kosa la ufundi, na mfano wake ni mashine yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ambayo ofisi moja iliiondoa kazini ilhali ubao mama, kumbukumbu na diski vilikuwa vizima. Fundi alipuliza vumbi, kazi aliyoifanya vizuri, kisha aliposikia feni bado inanguruma akaandika kwamba mashine ibadilishwe, bila kusoma joto hata mara moja.

Joto lingesomwa kwa dakika chache. Amri ya `sensors` katika Linux, au programu ya HWiNFO katika Windows, huonyesha joto la kila kiini cha prosesa, na mashine inapopewa kazi nzito kinachotazamwa si kilele chake tu bali pia mwendo wa kupanda. Likiruka kutoka nyuzi 50 hadi karibu 100 kwa sekunde chache, huku kipoza joto, yaani bamba la alumini lenye mapezi lililokaa juu ya prosesa, kikiwa baridi kikiguswa, joto halivuki: ama pesti ya joto iliyojaza uwazi kati ya viwili hivyo imekauka, ama mguu mmoja wa plastiki unaokibana kipoza umechomoka. Likipanda polepole na bamba likawa moto, kinachokosekana ni hewa, na pesti mpya haitaleta nafuu yoyote. Prosesa hiyo hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 105, na ndipo mtumiaji anapodhani mashine imezeeka.

Kelele nayo ilikuwa na ushahidi wake. Feni iliyokwisha beringi hukwaruza tangu mashine inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, nayo hubadilishwa peke yake. Feni ya mashine hii ilipaza sauti kazi ilipozidi na kutulia kazi ilipokwisha, dalili kwamba ilikuwa ikitii amri ya kupoza prosesa iliyopata moto. Tiba ilikuwa kufuta pesti kuukuu kwa spiriti, kuweka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya njegere, na kubana miguu ya kipoza kwa mshazari.

Ni kweli kwamba tiba hiyo ina mpaka, na lawama ni ya Intel yenyewe. Prosesa za Sandy Bridge za 2011 zililehemiwa kwa metali kati ya silikoni na kifuniko chake, lakini Ivy Bridge ya 2012, kizazi cha i5-3470, iliwekewa pesti mahali hapo pasipofikika kwa ukarabati wa kawaida.

Kapasita zilizovimba zingetosha kuihukumu mashine. Hata kukosekana kwa i5-3470 katika orodha ya prosesa za Windows 11, baada ya msaada wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, kungejadilika. Lakini hoja hiyo huihusu pia mashine iliyo kimya, na fundi hakuiandika.